Asali Ambayo Haikuona Moto

Nilisomea kemia jioni, katika chuo kimoja cha hapa Machakos, wakati watu wenye akili zao walikuwa wanakula ugali. Mchana nilifanya kazi kwenye ghala la mitungi ya gesi ya kupikia. Nilikuwa hodari wa mitungi kupita kiasi. Nasema hivi bila kujisifu: mtungi ukivuja Mlolongo, mimi nilianza kupiga chafya nikiwa Machakos. Regulator, valvu, mpira, povu la sabuni la kutafuta uvujaji, vyote nilivijua kama ninavyojua meno yangu. Haya nayataja mapema kwa sababu ndiyo yaliyonipotosha.

Muhula wa mwisho mwalimu wetu wa kemia ya uchanganuzi alitupa kazi moja tu ya kufanya. Alikuwa mwanamume mpole, shati lake limejaa madoa ya wino mfukoni, na alikuwa na tabia ya kuongea akiangalia dirisha kana kwamba darasa la kweli liko huko nje.

"Kila mtu alete sampuli kutoka kwao nyumbani," alisema. "Kitu ambacho kina swali. Sitaki maji ya bomba kwa sababu ulikuwa na haraka. Halafu uchague mashine: GC au HPLC. Uandike kwa nini umechagua hiyo na si ile. Halafu upime. Sitasoma majibu kabla sijasoma sababu."

Kwa asiyezijua, zote mbili ni mashine za kutenganisha vitu vilivyochanganyika. GC hugeuza sampuli kuwa mvuke na kuisukuma kwa gesi kupitia bomba refu jembamba kama uzi, lililoviringwa ndani ya tanuri. HPLC huacha sampuli ikiwa kimiminika na kuisukuma kwa pampu yenye nguvu kupitia bomba fupi la chuma lililoshindiliwa unga laini. Katika zote mbili, vitu vilivyoingia pamoja hutoka kimoja kimoja, na kila kinachotoka huchora kilele kwenye grafu. Mwalimu akisema "vilele", darasa letu lilipiga miayo. Ilikuwa saa moja jioni na nusu yetu tulikuwa tumesimama kazini tangu asubuhi.

Mimi sikupiga miayo. Mimi nilikuwa na sampuli.

Mama yangu anaishi upande wa Ndithini, na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kumi na wawili wafuga nyuki. Miaka yote waliuza asali chupa kwa chupa sokoni, katika chupa za soda zilizozibwa kwa karatasi. Halafu akaja mnunuzi kutoka Nairobi akawaambia atachukua mitungi mizima, mradi asali iwe safi na isiwe imepikwa. Mama ndiye aliyewashawishi wenzake waache soko. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Alisimama kanisani baada ya matangazo akasema, na sauti yake ninaijua, lazima mabati yalitikisika. Wakamwamini. Msimu mzima hawakuuza hata chupa moja. Asali yote ikawekwa pamoja kwake, mitungi mitatu myeusi ya plastiki.

Mnunuzi alichukua kijichupa cha kupima. Wiki mbili baadaye akarudisha jibu kwa simu: asali imepashwa moto, haichukui. Kama kikundi kinabisha, kilete ripoti ya maabara kabla mwezi haujaisha. Kisipoleta, ataenda kununua kwingine na hatarudi.

Mama alinipigia. Tukiwa wawili huongea Kikamba, nami humwita mwaitu, yaani mama yangu, hata nikiwa nimekasirika.

"Mwaitu, uliipika?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyewakataza wengine wasipike. Kwenye ile semina ya nyuki tulifundishwa moto unaua asali. Hiyo asali haijaona moto. Haijaona hata kiberiti."

"Basi nitaipima."

"Upime. Hawa wanawake wameanza kunisalimia kwa mbali. Mmoja jana ameniuliza kama nilipika usiku wakiwa wamelala."

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Mauzo yalikuwa nusu ya jambo. Nusu nyingine ilikuwa jina la mama yangu, ambalo kwa miaka sabini halikuwahi kuhitaji ripoti ya maabara.

Sasa, asali ikipashwa moto, sehemu ya sukari zake hubadilika kuwa kitu kiitwacho HMF. Asali ikitoka kwenye sega huwa nacho kidogo mno, karibu na sifuri. Moto ukiipata, HMF hupanda. Kwa hiyo ukitaka kujua kama asali imepikwa, huulizi mpishi, unapima HMF. Nilileta sampuli mbili: kichupa kutoka kwenye mitungi ya kikundi, na kipande cha sega ambacho mama alikata kwenye mzinga asubuhi ya siku aliyonitumia, akakifunga kwa majani ya mgomba na mifuko mitatu ya plastiki, kana kwamba kinasafiri kwenda Ulaya.

Ilibaki kuchagua mashine. Jirani yangu wa benchi, mwanamke aliyefanya kazi mchana kwenye duka la dawa, alikuwa ameleta dawa ya kikohozi na amechagua HPLC bila kufikiri mara mbili.

"Wewe je?" aliniuliza.

"GC. Mimi ni mtu wa gesi."

"Hiyo ndiyo sababu utaandika?"

"Nitaipamba."

Nikaipamba kweli. Niliandika kurasa tano za kuisifu GC, na kila sentensi ilikuwa ya ukweli. Bomba lake ni la mita thelathini, hivyo hutenganisha vitu vinavyofanana kama mapacha. Haitumii lita za viyeyusho vya bei. Kigunduzi chake cha mwali hakibagui, karibu kila kitu chenye kaboni hukiona. Na HMF, niliandika kwa wino mzito, ni molekuli ndogo. Inaweza kuwa mvuke. Halafu kulikuwa na sababu ambayo sikuiandika: GC ya chuo ilikuwa inafanya kazi na haikuwa na foleni. HPLC ilikuwa na mlinzi.

Mlinzi huyo alikuwa fundi wa maabara, mama mmoja mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi likakata upepo. Muhula uliopita wanafunzi wa jioni walikuwa wamesukuma maji ya chumvi kwenye HPLC wakaenda nyumbani bila kuisafisha. Chumvi ikaganda ndani, pampu ikalia kama mbuzi anayechinjwa, na safu mpya, yaani lile bomba la chuma, ikaenda na maji. Tangu hapo, kumwomba HPLC ilikuwa kama kumwomba akupe binti yake wa kwanza. Alikuuliza ukoo.

GC alinipa mara moja. "Wewe angalau unajua kufunga mtungi," alisema.

Nilifungua naitrojeni, nikapaka povu kwenye viungo vyote, hakuna hata kiputo kimoja. Nilijiona profesa. Niliyeyusha asali ya kikundi kwenye maji na methanoli, nikaichuja, nikavuta tone dogo kwenye sindano nikalidunga kwenye mlango wa mashine, ambao hukaa na joto la nyuzi mia mbili hamsini ili kila kinachoingia kipae. Kabla ya hapo nilikuwa nimedunga HMF safi ili nijue kilele chake hutoka dakika gani. Nikaketi kusubiri, nikipiga mluzi.

Dakika ileile, kilele kikapanda. Hakikupanda kwa adabu. Kilipanda kama Mlima Kenya, kikiwa na vilima vingine vya ajabu kushoto na kulia.

Nikaacha mluzi.

Nilidunga tena. Kilele tena. Nikamwona mama yangu amesimama mbele ya wenzake kumi na mmoja na karatasi mkononi. Nilikaa pale hadi fundi akaja kuzima taa za upande wa pili.

"Mbona umefura hivyo kama chapati?" aliuliza.

"Mama yangu amenidanganya."

Alitazama grafu. Hakuuliza mama gani. "Mwite mwalimu wako," alisema.

Mwalimu alikuja na kikombe cha chai, akaangalia grafu kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia darasa.

"Umepima asali isiyo na hatia?" aliuliza.

"Gani, mwalimu?"

"Ile ya kwenye sega. Kila kesi inahitaji mtu ambaye unajua hakufanya."

Sikuwa nimeipima. Haraka ya mwenye uhakika. Nikayeyusha ile ya sega kwa namna ileile, nikaidunga, tukasubiri watatu tukiwa tumeinama juu ya skrini kama watu wanaotazama mtoto akitembea mara ya kwanza.

Kilele kikapanda. Dakika ileile. Kikubwa vilevile.

"Asali ya juzi tu," nikasema polepole. "Kutoka mzingani."

"Labda nyuki wenu wanapika," fundi akasema.

Mwalimu akaweka kikombe chini. Aliomba mashine ipozwe, kisha akafungua mlango wa sindano na kuvuta kile kibomba kidogo cha kioo kinachokaa ndani, mahali tone linapogeuka mvuke. Kilipaswa kuwa angavu. Kilikuwa cheusi, kimeganda utando wa hudhurungi, na harufu ikatoka ambayo kila mtoto wa hapa anaijua: sukari iliyoungua chini ya sufuria.

"Umeona?" alisema. "Swali si kama HMF inaweza kuruka, yaani kuwa mvuke. Inaweza. Swali ni nani anakuja nayo. Ukimwalika bibi harusi, huwezi kusema hukuwajua wajomba. Asali ni sukari karibu yote, na sukari hairuki. Umeitia kwenye mlango wa nyuzi mia mbili hamsini, imeungua hapohapo, na ilipoungua imetengeneza HMF. Mashine yako imepika kile ilichotumwa kutafuta."

"Kwa hiyo GC haifai?"

"Inafaa kwa vitu vyake. Pombe, mafuta ya kunukia, dawa nyingi za wadudu. Hata HMF ungeipitisha, kama ungeitoa kwanza kwenye sukari na kuibadilisha kidogo kwa kemikali iruke vizuri. Lakini kwa nini uvuke mto mara tatu na daraja liko hapo?" Akanyoosha kidole kuelekea kona ya HPLC. "Ile haipashi kitu. Asali inapita ikiwa majimaji, joto la chumba tu. Sukari inatoka mapema na kigunduzi cha mwanga hakiioni kabisa, kwa sababu sukari hainywi mwanga wa rangi ile. HMF inaunywa. Inatoka peke yake, kama mtu aliyevaa nyekundu kwenye mazishi."

Nitakwambia ukweli: mimi sikuwa nikisikiliza kemia. Nilikuwa nasikia jambo moja tu. Mashine ilidanganya. Mama yangu hakupika. Nilitaka kumbusu mwalimu kwenye kipara. Nilimpigia mama papo hapo, nikiwa bado kwenye korido.

"Mwaitu, mashine ilisema imeungua, lakini ni mashine yenyewe iliyounguza! Hata ile ya sega imesema imeungua!"

"Nilikwambia," akasema. "Nilikwambia haijaona kiberiti." Nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, na mtu huyo akacheka, na katika kicheko hicho nikajua ni mmoja wa wale waliokuwa wakimsalimia kwa mbali.

Ningekaa kimya siku mbili tu. Siku mbili tu, jamani. Mdomo wangu umenigharimu zaidi kuliko mkono wangu ulivyowahi kunipa.

Kumwomba fundi HPLC nilienda na suruali niliyovaa kwenye harusi yangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Utaichuja sampuli?"

"Mara mbili."

"Utatoa hewa kwenye kiyeyusho? Maana kiputo kimoja kikiingia pampu yangu, utalala hapa ukikitafuta."

"Nitaitoa."

"Ukimaliza?"

"Nitaosha na maji kwanza, kisha methanoli, na sitaondoka hadi uniambie ondoka."

"Mama yako ana miaka mingapi?"

"Sabini na moja."

"Basi njoo kesho."

Kesho yake nilitayarisha sampuli kwa adabu ambayo sijawahi kuonyesha hata mbele ya wakwe. Niliyeyusha asali kwenye maji, nikatia dawa mbili zinazokusanya protini na uchafu hadi vikakaa chini kama unga, nikachuja kwenye karatasi, nikachuja tena kwenye kichujio kidogo cha sindano. Majimaji yalikuwa mangavu kama macho ya mtoto. Kiyeyusho kilikuwa maji mengi na methanoli kidogo. Pampu ikaanza kuguna, shinikizo likapanda, likatulia. Kwa mtu wa mitungi ilikuwa ajabu: hapa uvujaji huutafuti kwa povu, unazungusha kipande cha tishu kwenye kila kiungo, ukikiona kimelowa ndipo unajua.

Nilidunga HMF safi kwanza. Kilele kikatoka, chembamba, kirefu, kizuri kama mnara wa kanisa.

Kisha ile ya sega. Mstari ukaenda. Ukaenda. Ilipofika dakika yake, ukainuka kidogo sana, kama mtu anayeinua nyusi, ukashuka. Karibu hakuna.

"Hiyo ndiyo asali," fundi akasema. Alikuwa amesimama nyuma yangu mikono kifuani. Hata yeye alikuwa anataka ishinde.

Halafu nikadunga ya kikundi.

Sitaeleza urefu wa kilele hicho, kwa sababu watu husema natia chumvi, na hapa nisingehitaji. Kilitoka peke yake. Hakuna vilima kushoto wala kulia, hakuna harufu ya sukari iliyoungua, hakuna mashine ya kulaumiwa. Nilidunga mara tatu, na mara zote tatu kilikuwa kilekile. Nikapiga hesabu kwa mistari ya HMF safi niliyokuwa nimechora. Kuna kikomo cha kawaida, na kuna kikomo cha huruma kwa asali ya nchi za joto, ambacho ni maradufu ya kile cha kwanza. Ilikuwa imevipita vyote viwili na kuvipungia mkono.

Fundi akasema, "Osha safu." Nikaiosha. Maji kwanza, kisha methanoli. Aliniacha niondoke bila kukagua.

Jumamosi nilienda nyumbani na grafu zote kwenye bahasha, za GC na za HPLC. Mama alikuwa amechinja kuku. Kuku mzima, kwa ajili ya bahasha.

Nilimwonyesha kwa kidole. Alizifuata kwa macho yake makali ambayo hadi leo yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

"Hii ni ya mashine gani?"

"Ile isiyotumia moto."

"Na inasema?"

"Inasema imepashwa joto, mwaitu. Sana."

Akaiweka kando taratibu, akachukua ile nyingine. "Na hii ya moto ilisema nini?"

"Ilisema zote mbili zimeungua. Ya kikundi na ya sega."

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi peleka hii." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayechagua kitambaa. "Hii inaonyesha asali yangu na asali ya mzingani ni kitu kimoja. Si ndivyo? Si uongo. Ni mashine ya chuo."

Nisiseme kwamba sikuwa nimefikiri hivyo. Nilifikiri hivyo njia nzima. Grafu ilikuwa halisi, muhuri wa chuo ungekaa vizuri, na mtu asiyejua angeona milima miwili inayolingana. Lakini mnunuzi alikuwa na mkemia wake, na mkemia yeyote angeuliza kitu kimoja tu: kwa nini ulipima asali kwa GC bila kuitoa kwenye sukari? Jina la mama yangu lingekufa mara mbili, mara moja kwa kupika na mara ya pili kwa kuficha.

"Watacheka, mwaitu," nikasema. "Kwanza watacheka."

Hakubisha. Alinyanyuka kwenda kuangalia kuku. Mimi nikatoka nje nipate hewa, nikatembea hadi kwenye ghala la asali, kibanda cha mabati nyuma ya jikoni. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Sijui kwa nini nilipanda. Labda miguu inajua kabla ya kichwa. Juu ya mabati kulikuwa na vumbi jekundu la miezi mingi, na katikati ya vumbi kulikuwa na alama tatu za mstatili, safi, zinang'aa. Niliweka kiganja pale nikakitoa haraka. Ilikuwa saa tano asubuhi tu.

"Hapa juu kulikuwa na nini?" nikaita.

Akatoka jikoni na mwiko. "Hapo? Hapo ndipo mitungi ilikaa."

"Ya asali?"

"Si iliganda wakati wa baridi? Iligeuka kama sukari guru, haichujiki. Wengine wakasema tuipike kidogo iyeyuke. Nikasema hapana, semina ilikataza. Nikasema tuiweke juani, iyeyuke yenyewe polepole. Ilikaa kama wiki tatu. Ikayeyuka vizuri kabisa, ikapita kwenye kitambaa kama maji."

Mitungi myeusi. Mabati. Jua la Ndithini la mwezi wa kumi, wiki tatu.

"Mwaitu, jua hilo ndilo lililopika."

"Jua?" Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kivuli kimeiba. "Jua si moto."

"Kwa asali ni moto wa polepole. Mashine haioni kama ni kuni au jua. Inaona HMF tu."

Aligeuza mwiko mkononi. Kuku alikuwa anaungua jikoni na hakuna aliyekwenda. "Niliipandisha mwenyewe," alisema mwishowe. "Wao walikuwa wanataka kuipika dakika kumi. Mimi ndiye niliyekataa."

Nikashuka ngazi, nikaenda kuepua kuku.

Tulipokaa kula alijaribu mlango wa mwisho. "Basi tuwape nyuki. Kiangazi kikija hawana maua. Tuwarudishie chakula chao, angalau isipotee bure."

Nililazimika kumwambia na hilo. HMF nyingi huwadhuru nyuki. Asali ya namna hiyo mtu anaweza kula, lakini nyuki wakilishwa nayo hufa. Alisikiliza, akachukua paja la kuku akaliweka kwenye sahani yangu, lake hakuligusa.

"Yaani hata wenyewe walioitengeneza hawaitaki," alisema.

Kikundi kilikutana Jumapili hiyo baada ya ibada, kwenye benchi za nyuma. Aliniomba nieleze mimi. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mbele ya mwalimu: mashine mbili, moto na bila moto, mitungi juu ya mabati. Waliitikia kwa vichwa. Nilipomaliza, mmoja wao, mwenye kitambaa cha kijani, akauliza, "Kwa hiyo karatasi inasema imepashwa moto?"

"Joto. La jua."

"Lakini imeandikwa jua?"

Haikuwa imeandikwa. Karatasi huandika namba.

"Basi," akasema, si kwa ubaya, na akaanza kutafuta mkoba wake.

Usiku mmoja wa muhula huo mwalimu alirudisha kazi zetu. Nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Pembeni mwa sehemu niliyoeleza kwa nini GC haikufaa na kwa nini HPLC ilifaa, aliandika kwa wino wake unaovuja: "Sababu ni sahihi, na umekuwa mkweli." Jirani yangu wa benchi alisema ninapaswa kuiweka kwenye fremu. Niliiweka kwenye bahasha.

Kabla sijaondoka nyumbani wikendi ile ya mkutano, mama alikuwa ameleta ile ripoti na kalamu. "Hapa chini kuna nafasi," alisema. "Andika kwa mkono kwamba hakuna aliyewasha moto."

"Mwaitu, hawatasoma. Wanasoma namba tu."

"Andika."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, chini ya namba: *Hakuna moto uliowashwa. Ilikuwa jua.* Akasoma mara mbili, akaikunja, akampelekea mnunuzi mwenyewe kwa mkono. Mnunuzi hakurudi. Mitungi mitatu bado iko ghalani, chini, kivulini, imefunikwa kwa gunia. Nikienda nyumbani ananitilia kijiko kwenye chai, nami nakunywa. Nimeipima kwa mashine mbili, na bado ni asali tamu kuliko zote nilizowahi kuonja. Hilo nalo ningeliandika kwenye ripoti, lakini nafasi ilikuwa imejaa.